Mimi Mmoravian, mchumba wangu Mkatoliki: kiapo tunakulia wapi, na karatasi ya paroko inamfunga nani?

Kijana wa Tukuyu (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Ugonile kwa wa nyumbani Rungwe, kamwene kwa ndugu wa Iringa.

Mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa. Babu alibatizwa pale Rungwe, misheni iliyoanza 1891, na baba ni mzee wa kanisa hadi leo. Mchumba wangu ni Mkatoliki, kwao Kihesa. Mshenga alishapeleka barua, posa ikajibiwa, mahari tumemaliza isipokuwa blanketi la bibi. Tunataka kufunga ndoa mwezi wa kumi na mbili.

Tumekwama kwenye kanisa. Wakwe wanasema binti yao anafungia ndoa parokiani kwake. Baba anasema mwanamume hawezi kwenda kuolewa kanisani kwa mkewe. Mama, kwa kutaka amani, amependekeza tule kiapo Jumamosi moja Iringa na Jumamosi inayofuata tule kingine Tukuyu mbele ya ushirika wetu, kila upande uridhike.

Halafu kuna hiyo karatasi. Mchumba wangu ameambiwa kwamba paroko atanipa karatasi nisaini kuwa watoto wangu wote watakuwa Wakatoliki. Baba aliposikia alinyamaza, akatoka nje, chakula hakukigusa. Tangu siku hiyo hajalizungumzia tena. Nampenda huyu binti, na baba namheshimu. Mwenye kujua kwa hakika anisaidie.

Msema Kweli Makambako

Mkuu, usipoteze muda. Katoliki hawafungishi ndoa ya mchanganyiko, mmoja lazima ahame. Binamu yangu ilibidi abatizwe ndipo wakamfungisha. Karatasi utasaini, hilo halina mjadala. Na hiyo ya kufunga mara mbili hawakubali kabisa. Chagua moja.

Katekista Mstaafu

Kijana wangu, nimefundisha wachumba miaka mingi vigangoni upande wa Tosamaganga, na karatasi unayoiogopa nimewajazisha watu kwa mkono wangu. Nikueleze taratibu.

Ndugu wa Makambako kwa kufunga mara mbili amesema sawa. Kwa mengine amekosea. Ndoa ya Mkatoliki na Mkristo aliyebatizwa kanisa lingine hufungwa, ila inahitaji ruhusa. Paroko anaiombea kwa askofu, anaeleza sababu, ruhusa ikija mnaendelea. Ubatizo wako wa Moravian, wa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, unatambuliwa. Hakuna wa kukubatiza tena, hata ungetaka. Kama huyo binamu alibatizwa, basi ama hakuwa amebatizwa kokote, ama walikuwa na mashaka na ubatizo wake.

Sasa karatasi. Anayeahidi ni binti, si wewe. Anatamka kwamba yuko tayari kuilinda imani yake, na kwamba atafanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na walelewe katika Kanisa Katoliki. Wewe unaarifiwa ahadi hiyo mapema, ujue mwenzako amejifunga kwa nini, usije kushtuka mtoto akizaliwa. Fomu nyingi zina mahali pa wewe kuweka saini, na hapo ndipo uvumi unapozaliwa, maana watu wanaona saini mbili wanadhani ni ahadi mbili. Soma maneno yaliyo juu ya saini yako. Utakuta umekiri kuwa umeelezwa.

Angalia pia neno "awezayo". Kanisa linajua nyumba ina watu wawili na kwamba na wewe una dhamiri yako. Haijaandikwa kwamba asipofanikiwa ndoa inavunjika.

Suala la mama la Jumamosi mbili nitalijibu usiku, nimeitwa shambani.

Mama Wawili Uyole

Naomba niulize hapahapa, ni hilohilo. Mimi na mume wangu sote Wakatoliki. Mwaka wa tisa huu tangu tufunge bomani, maana alikuwa anahamishiwa kikazi na tulikuwa hatuna pesa ya sherehe. Tangu hapo sikomuniki. Jumapili watu wakisimama mstari mimi nabaki nimekaa na mtoto mapajani, binti yangu mkubwa ameanza kuniuliza kwa nini. Mtu mmoja ofisini parokiani aliniambia nianze upya kuanzia posa. Ni kweli? Mahari yangu ilishaliwa, nani ataanza tena?

Ustadhi wa Rujewa

Asalaam aleikum wana uzi. Hapa Usangu tunaishi pamoja, harusi zenu tunakula na za kwetu mnakula, kwa hiyo niseme kwa upande wetu. Nadhani baba wa kijana ataelewa jambo akiona linavyofanywa na wengine.

Kwenu wanaotamkiana ni bwana na bibi harusi, ana kwa ana. Kwetu katika nikaha anayetamka upande wa mwanamke ni walii, baba yake au anayefuata kwa damu, au sheikh aliyepewa uwakilishi. Walii anasema, "Nimekuozesha binti yangu fulani kwa mahari kadhaa." Bwana harusi anajibu palepale, "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo." Mashahidi wawili wanasikia kwa masikio yao. Ni maneno mafupi sana, mgeni aliyekwenda kuegesha pikipiki anarudi akute yamekwisha.

Bibi harusi mara nyingi hayupo kwenye jamvi, na wengi hudhani haulizwi. Anaulizwa kabla. Mwaka jana niliingia chumba cha ndani na mashahidi, binti amejifunika kanga, shangazi zake wamemzunguka. Nikamuuliza kama ameridhia na mahari yake ni nini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema anataka msahafu na cherehani. Tukatoka na jibu hilo hadi kwa baba yake. Msahafu na cherehani vikatajwa kwenye nikaha, na vikawa vyake yeye. Suratun Nisaa aya ya 4 inaamuru wanawake wapewe mahari yao. Hayo si ya baba wala ya wajomba. Hapo tunatofautiana na desturi zetu wenyewe za huku, za ng'ombe kwenda zizi la mkwe, na Waislamu wa Nyanda za Juu nao huchanganya mara nyingi.

Kwa hiyo kwetu ndoa ni mkataba mzito unaokamilika kwa ijabu na kabuli. Ukishafunga umefunga. Mkirudia wiki ijayo kwa sheikh mwingine hamjaongeza kitu.

Katekista Mstaafu

Ahsante sana ustadhi, umenifungulia mlango.

Kijana wangu, padre hamfungishi ndoa kama fundi anavyofunga bati. Katika mafundisho yetu, wanaopeana sakramenti ya ndoa ni bwana na bibi harusi wenyewe. Padre au shemasi anasimama mbele yenu, anauliza ridhaa yenu na kuipokea kwa jina la Kanisa, na mashahidi wawili wanasikia. Kwanza anawauliza kama mmekuja kwa hiari, kama mtapendana na kuheshimiana maisha yote, kama mtapokea watoto. Kisha mnashikana mikono ya kuume, kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba anampokea, na kwamba atakuwa mwaminifu katika taabu na raha, magonjwa na afya. Maneno hayo yakishatoka, ndoa imekuwepo.

Ndiyo maana mpango wa mama hauwezekani. Ukisema "nakupokea" Iringa, halafu Jumamosi ya pili useme tena "nakupokea" Tukuyu kana kwamba bado hujampokea, umelifanya lile la kwanza kuwa mchezo. Sheria ya Kanisa inakataza sherehe nyingine ya dini ya kutoa au kurudia ahadi, iwe kabla au baada. Inakataza pia padre na mchungaji kusimama pamoja, kila mmoja akiuliza ridhaa kwa ibada yake.

Lakini mchungaji wenu anaweza kualikwa. Atasoma Neno, atawaombea, atawatakia heri. Na siku mkipanda Tukuyu mnaweza kwenda ibadani mshukuru pamoja na ushirika. Ili mradi msiulizwe tena ahadi.

Mama wa Uyole, mwanangu, pole. Hakuna kurudi kwenye posa. Mahari ni mambo ya familia. Mkiwa hamna kizuizi kingine, yaani hakuna kati yenu aliyewahi kufunga ndoa kanisani na mtu mwingine, nendeni kwa paroko mwenyewe, si ofisini. Mtatafuta vyeti vya ubatizo, mtahojiwa, mtaungama, kisha mtapeana ahadi mbele yake na mashahidi wawili. Nimesimamia za namna hiyo baada ya misa ya asubuhi siku ya kazi, mama amevaa kitenge, watoto benchi la mbele. Keki haikuwepo. Kwa Kanisa lakini ile ni ahadi mpya, siyo muhuri juu ya karatasi ya bomani, kwa hiyo wote wawili mwende mkiitaka.

Mama Wawili Uyole

Nimesoma nikalia. Nitamsomea na mume wangu jioni.

Binti wa Mafinga

Mimi nauliza la pembeni. Mchumba wangu amepata kazi huku, chumba cha kupanga ni ghali, tumeamua kukaa pamoja hadi harusi. Rafiki yangu ananitisha kuwa tukigundulika ndoa haitafungwa. Sisi ni Walutheri.

Mama Mchungaji Njombe

Mwanangu, mume wangu ni mchungaji wa KKKT, na wachumba wa namna yenu wanapita sebuleni kwangu kila mwezi.

Hakuna atakayesema kamwe hamtafungishwa. Ila katika usharika wetu, wanaoishi pamoja kabla ya ndoa husimamishwa kushiriki Chakula cha Bwana mpaka watubu na kurudi kundini, na sharika hazifanani namna ya kufanya hilo. Nitasema wazi kinachoniumiza. Zamani binti akionekana mjamzito alisimamishwa mbele ya kanisa zima, na kijana aliyempa mimba amekaa nyuma kimya. Nimeliona kwa macho yangu nikiwa msichana, na yule dada hakurudi kanisani mpaka tulipomzika. Siku hizi mume wangu huwaita wote wawili chumbani, wanatubu wote wawili. Usafi ni agizo kwa wote wawili, na aibu isibebwe na mwenye tumbo peke yake.

Usafi wenyewe usiupime kwa kitanda tu. Tunapofundisha wachumba tunawauliza: mmeshawahi kugombana mkapatana? Anajua madeni yako? Ana mtoto mahali ambaye hujaambiwa? Walioanza kulala nyumba moja mara nyingi ndio hawajaulizana haya, maana wanajiona wameshamaliza kujuana. Kama mnaweza, mmoja akakae kwa ndugu miezi hii iliyobaki.

Ustadhi wa Rujewa

Kwetu uchumba ni ahadi ya kuoana, haumhalalishii mtu lolote. Mposaji anaruhusiwa kumtazama binti na kuzungumza naye, ila asiwe naye faraghani wawili peke yao, awepo maharimu wake. Na posa ya mtu ikishakubaliwa, mwingine haruhusiwi kuposa juu yake. Vijana wanalalamika kwamba watajuanaje. Nawaambia waulize maswali hayohayo ya mama mchungaji, baba wa binti akiwa amekaa kibarazani pale. Yatajibiwa kwa adabu zaidi.

Katekista Mstaafu

Na kwetu kuishi pamoja ni dhambi ya kuungama, siyo kizuizi cha ndoa. Paroko wengine huwataka watengane kwa muda, hasa ili ajue kila mmoja anakuja kwa hiari au kwa kuwa ameshanasa. Ndiyo sababu anawahoji mmoja mmoja. Nimewahi kumwona binti aliyesema ndiyo mbele ya mama yake na akasema hapana alipobaki na padre. Ndoa ile haikufungwa, na ilikuwa haki.

Seremala wa Mwanjelwa

Niliwahi kutengeneza mimbari ya harusi ya Wahindu hapa mjini, nikaalikwa. Wao waliwasha moto mdogo katikati, bwana na bibi wakapiga hatua saba, kila hatua na ahadi yake. Mzee mmoja aliniambia hatua ya saba ikipigwa ndipo wameoana. Nimesoma maelezo ya ustadhi na katekista nikakumbuka. Kila dini ina mahali pake pa kusema "hapa ndipo".

Mzee wa Ushirika Kyela

Nimesoma yote kwa utulivu, na nataka nimsemee baba wa kijana, maana mimi pia ni mzee wa kanisa na mwanangu alioa nje.

Katekista ameeleza kwa heshima, lakini uchungu bado uko palepale. Ndoa kwetu si sakramenti. Sakramenti zetu ni mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana. Hata hivyo tunapomleta mtoto kubatizwa, wazazi tunaahidi mbele ya ushirika kumlea katika imani, na babu yake amesimama pale. Sasa binti ameahidi kufanya awezavyo mtoto awe Mkatoliki. Kijana hajaombwa aahidi lolote kwa upande wetu. Mzani umelala upande mmoja. Hatujaombwa kusaini ahadi, sawa, lakini tumearifiwa kwamba tumeshindwa.

Katekista Mstaafu

Mzee mwenzangu, sitakupinga. Uzito huo upo, na tangu nianze kazi hii sijapata maneno ya kuuondoa. Ninachowaambia wachumba ni kwamba walizungumze kabla, wakiwa wawili, na wasiseme "tutaona mtoto akija". Ninayemhofia ni kijana anayeitikia tu ili harusi ipite.

Kijana, kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Kama kufungia parokiani kutaleta shida kubwa, binti anaweza, kupitia paroko wake, kumwomba askofu amwondolee sharti la kufunga mbele ya padre. Askofu akikubali, mnafungia Tukuyu, mchungaji wenu ndiye anayepokea ahadi, na Kanisa Katoliki linaihesabu ndoa hiyo kuwa halali. Amani ya familia na uhusiano wako na mchungaji wako ni sababu zinazosikilizwa. Ila ombi litangulie. Mkifunga Tukuyu bila kibali hicho, kwa upande wa binti ndoa inahesabika haipo, na yeye atakuwa pale alipo mama wa Uyole. Ahadi yake kuhusu watoto inabaki vilevile, popote mtakapofungia.

Anza mapema. Binti achukue cheti kipya cha ubatizo, kilichotolewa ndani ya miezi sita, parokia aliyobatizwa. Watu hulalamika kuwa wana cha zamani sandukuni. Lakini kile kipya kinanakiliwa kutoka daftari la ubatizo, na kwenye daftari lile, ubavuni mwa jina lako, ndipo huandikwa kipaimara chako na ndoa yako. Aliyekwisha kufunga ndoa Songea akaja kujiita kijana huru Iringa, anakamatwa pale ubavuni mwa jina. Wewe leta cheti cha ushirika wenu na watu wawili wanaokujua toka utotoni wathibitishe kuwa hujaoa. Matangazo hufanywa Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inataka taarifa ya siku 21 kabla. Ukihesabu na kusubiri majibu ya askofu, mwezi wa kumi na mbili hauko mbali.

Na ushauri wangu mmoja: mkifungia parokiani, ombeni ibada ya ndoa bila misa. Ni jambo la kawaida kwa ndoa zenu. Likiwepo komunyo, nusu ya kanisa itasimama na nusu, pamoja na wewe na baba yako, itabaki imekaa, siku ambayo mnataka mkae pamoja.

Msema Kweli Makambako

Nimeuliza nyumbani. Binamu kumbe alikuwa hajabatizwa kokote, baba yake alikuwa haendi kanisani. Hilo niliongea bila kujua. La karatasi bado naona ni ileile, ukiarifiwa ukanyamaza umekubali.

Kijana wa Tukuyu (mleta uzi)

Wakuu, ndaga fijo. Nimerudi na mrejesho baada ya wiki mbili.

Tulikwenda kwa paroko. Alinihoji peke yangu kama nusu saa, akanisomea ile karatasi polepole, na saini yangu kweli iko chini ya maneno "nimeelezwa". Niliomba nakala nikaenda nayo Tukuyu. Baba alivaa miwani akaisoma mara mbili, akaniuliza jambo moja tu: "Na wewe, umemwahidi nini mtoto wako?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitalirudisha.

Mimi na mchumba wangu tulizungumza usiku ule kwenye simu mpaka salio likaisha. Tumekubaliana watabatizwa kwao, na mimi nitawafundisha nyimbo zetu na kuwapeleka kwa babu yao Rungwe, kanisani kwake, kila likizo. Yeye amesema hilo halivunji ahadi yake. Sijui kama baba ataliona hivyo.

Tunafungia Iringa, bila misa. Mchungaji wetu amekubali kuja kusoma na kuomba. Mama ameacha mpango wa Jumamosi ya pili, badala yake anataka ibada ya shukrani, na amemuuliza mchungaji mwenyewe maneno yatakayosemwa ili lisiingie swali la ahadi. Baba bado hajasema kama atakuja. Jana lakini alimuuliza mama basi la kwenda Iringa linaondoka Tukuyu saa ngapi.

Katekista, swali la mwisho: shahidi wangu anaweza kuwa Mmoravian? Nataka awe kaka yangu.

Katekista Mstaafu

Anaweza. Kinachotakiwa ni awe na akili timamu, awepo na asikie. Aje na kitambulisho, na asaini jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana hapo ndipo mashahidi wengi huharibu daftari.